Pembe Zinazozidi Mzunguko Mmoja na Zilizo Hasi: Jinsi ya Kuzisoma na Kuzipunguza

Pembe, kama inavyofundishwa mwanzo kabisa shuleni, ni uwazi ulio kati ya mistari miwili inayokutana kwenye nukta moja. Kona ya meza ni 90°, mstari ulionyooka ni 180°, na duara zima ni 360°. Kwa maana hiyo, pembe ya 750° au ya −200° haiwezi kuwepo, kwa kuwa hakuna kona iliyo pana kuliko duara zima wala iliyo finyu kuliko sifuri. Namba hizo hupata maana pale pembe inapochukuliwa kuwa kipimo cha kuzunguka, yaani kiasi ambacho mstari umezungushwa tangu ulipoanzia hadi uliposimama.

Ili kila mtu apime kwa namna moja, wanahisabati wana utaratibu wao. Kipeo cha pembe huwekwa kwenye chanzo cha grafu, pale mhimili wa x unapokatana na mhimili wa y. Mkono wa kwanza wa pembe hulazwa juu ya mhimili wa x upande wa kulia, nao hausogei. Mkono wa pili huanza ukiwa umelala juu ya wa kwanza, kisha huzungushwa. Ukizungushwa kinyume cha mishale ya saa, pembe huwa chanya. Ukizungushwa kwa kufuata mishale ya saa, pembe huwa hasi.

Alama ya kutoa, basi, haielezi ukubwa wa pembe bali upande ambao mkono umeelekea. Pembe ya 90° na pembe ya −90° zina kiasi kilekile cha kuzunguka, robo duara, ila ya kwanza huishia juu ya grafu na ya pili huishia chini.

Mshale wa dakika wa saa ya ukutani ni mfano wa karibu wa kitu kinachozunguka kwa pembe hasi siku zote. Kila dakika unasogea −6°, na kila saa −360°. Mkutano ukianza saa 3:00 asubuhi na kumalizika saa 5:30, mshale huo utakuwa umezunguka −900°, ambayo ni mizunguko miwili na nusu. Mwanzoni mshale ulielekea juu, mwishoni umeelekea chini. Mtu aliyeitazama saa mara mbili tu, mkutano ulipoanza na ulipokwisha, bila kujua muda uliopita, angeweza kusema mshale umezunguka nusu duara. Kuhusu mahali mshale ulipo, mtu huyo amepatia. Kuhusu muda wa mkutano, amekosea kwa saa mbili nzima. Tofauti hiyo kati ya mahali mkono ulipoishia na kiasi ulichozunguka ndiyo kiini cha somo zima.

Pembe za kikomo kimoja

Mkono unaozungushwa 30° na kusimama, kisha ukazungushwa duara moja zaidi, unarudi palepale ulipokuwa. Jumla ya mzunguko sasa ni 390°, lakini kwenye karatasi mchoro haujabadilika. Duara jingine likiongezwa, jumla inakuwa 750°. Na mkono ukirudishwa nyuma duara zima kutoka kwenye 30°, pembe inakuwa −330°, na bado mkono umelala palepale. Pembe zote za namna hiyo, ambazo mikono yake ya mwisho inalaliana, ni pembe za kikomo kimoja.

Kila pembe ina wenzake wasiohesabika, kwa sababu madaraka ya kuongeza au kupunguza duara zima hayana mwisho. Wote huandikwa kwa fomula moja fupi:

θ + 360° × k

Hapa θ ni pembe iliyopo, na k ni namba yoyote kamili, iwe chanya, hasi au sifuri. Sharti la k kuwa namba kamili ni la lazima, kwa sababu nusu duara au robo duara hairudishi mkono mahali pake.

Kujua kama pembe mbili zina kikomo kimoja hakuhitaji mchoro. Hutolewa moja kutoka nyingine, kisha tofauti hugawanywa kwa 360. Jibu likiwa namba kamili bila baki, zina kikomo kimoja. Kwa mfano, kati ya 880° na −200° kuna tofauti ya 1,080°, ambayo ni 360° mara tatu. Kwa hiyo mikono yake inalaliana, ingawa moja ilizungushwa mbele zaidi ya duara mbili na nyingine ikarudishwa nyuma zaidi ya nusu duara. Kati ya 880° na 200° tofauti ni 680°, ambayo haigawanyiki kwa 360, basi hizo hazihusiani.

Kupunguza pembe kubwa

Katika hesabu nyingi kinachotafutwa ni mwenzake pembe aliye kati ya 0° na 360°, kwa kuwa huyo ni mmoja tu na ni rahisi kumchora. Pembe inapokuwa chanya, kazi ni ya kugawanya na kuchukua baki. Kwa 750°, mgawanyo wa 750 kwa 360 ni 2 na baki 30. Duara mbili zinatupwa, inabaki 30°. Anayetumia kikokotoo ataona 2.0833 na kitu. Anachukua 2 tu, anaizidisha kwa 360 kupata 720, kisha anaitoa kutoka 750.

Pembe hasi ndiyo inayowakosesha wengi. Kwa −750°, kikokotoo kinaonyesha −2.0833. Mwanafunzi akikata desimali na kubaki na −2, atarudisha duara mbili na kupata −30°. Hilo si kosa la hesabu, kwa sababu −30° kweli ina kikomo kimoja na −750°. Ila bado ni hasi, na swali lilitaka pembe iliyo kati ya 0° na 360°. Kinachotakiwa ni kushuka hadi namba kamili iliyo chini ya −2.0833, nayo ni −3. Kwa maneno mengine, huongezwa duara tatu, si mbili: −750° + 1,080° = 330°.

Njia salama kwa asiyependa kukumbuka kanuni ya kushuka ni kuongeza 360 hatua kwa hatua hadi namba iwe chanya kwa mara ya kwanza. Kutoka −750 inafika −390, kisha −30, kisha 330, na hapo inasimama. Njia hii ni ndefu kwa pembe kama −100,000°, lakini kwa pembe za kawaida haina mtego.

Kipimo kikiwa radiani badala ya nyuzi, duara zima ni 2π, na utaratibu haubadiliki. Kinachorahisisha kazi ni kuiandika 2π kwa asili ileile ya sehemu iliyopo kwenye pembe. Kwa 17π/3, duara moja ni 6π/3. Ikitolewa mara mbili kutoka 17 inabaki 5, kwa hiyo jibu ni 5π/3. Kwa −17π/4, duara ni 8π/4. Ikiongezwa mara tatu inapatikana 7π/4. Kosa la kawaida hapa ni kutoa π moja badala ya mbili. Mkono uliosogezwa π umevuka upande wa pili wa duara, na jibu linatoka kinyume kabisa na linalotakiwa.

Sini na kosini za pembe hizo

Sini na kosini hutegemea mahali mkono wa mwisho ulipolala tu, hazijali duara ngapi zilipita. Ndiyo maana pembe za kikomo kimoja zina sini moja na kosini moja. Kutafuta sini ya −750° ni sawa na kutafuta sini ya 330°. Mkono wa 330° umelala kwenye robo ya nne ya grafu, 30° chini ya mhimili wa x upande wa kulia. Sini ya 30° ni 0.5, na kwa kuwa mkono uko chini ya mhimili, sini ya 330° ni −0.5. Kosini, inayopimwa kwa umbali wa kulia au kushoto, inabaki chanya: takriban 0.866.

Jibu hilo linaweza kuhakikiwa kwa njia nyingine. Kubadili alama ya pembe ni kama kuukunja mchoro kwenye mhimili wa x: cha juu kinakwenda chini, lakini cha kulia kinabaki kulia. Kwa hiyo sini ya pembe hasi hugeuka alama, na kosini haigeuki. Sini ya 750° ni sawa na ya 30°, yaani 0.5; basi sini ya −750° ni −0.5. Njia mbili zimefika pamoja.

Tahadhari moja inahitajika. Pembe za kikomo kimoja zina sini moja, lakini pembe zenye sini moja si lazima ziwe na kikomo kimoja. Sini ya 30° na sini ya 150° zote ni 0.5, na mikono yake iko pande mbili tofauti za grafu. Swali likisema sini ya x ni 0.5 na kutaka pembe zote, jibu lina mafungu mawili: 30° + 360° × k na 150° + 360° × k. Anayeandika fungu la kwanza pekee ameacha nusu ya majibu.

Kikokotoo nacho hakisaidii kwenye hilo. Kikiulizwa ni pembe gani yenye sini −0.5, kitajibu −30°, kwa sababu kimepangwa kutoa jibu moja tu lililo kati ya −90° na 90°. Hakiwezi kujua kama aliyeuliza alianza na −750°, 330° au 210°. Pembe hiyo ya mwisho nayo ina sini ya −0.5, ingawa haina kikomo kimoja na −30°.

Pembe kwenye dira

Mahali ambapo pembe hasi hujitokeza zenyewe katika kazi ni kwenye dira. Dira haifuati utaratibu wa grafu. Huanzia kaskazini badala ya mashariki, na namba zake hukua kwa kufuata mishale ya saa: mashariki ni 90°, kusini ni 180°, magharibi ni 270°. Anayetaka kuuhamisha uelekeo wa dira kwenye grafu hutoa namba ya dira kutoka 90.

Chukua safari ya kutoka Dar es Salaam kwenda mjini Zanzibar. Mji wa Zanzibar uko kaskazini ya Dar es Salaam, na umeegemea magharibi kidogo, hivyo mstari ulionyooka kati ya miji hiyo una uelekeo wa takriban 350° kwenye dira. Kwenye grafu, 90 − 350 ni −260. Namba hiyo ni sahihi lakini haimwambii msomaji kitu haraka. Ikiongezwa 360 inakuwa 100°, na hapo inaonekana wazi: mkono umepita kidogo mhimili wa y na kuinamia kushoto, yaani kaskazini yenye magharibi kidogo. Kurudi Dar es Salaam ni kwa uelekeo wa takriban 170°. Kutoa kutoka 90 kunaleta −80°, sawa na 280°, ambayo ni kinyume halisi cha 100°.

Hesabu hiyohiyo hutumika wakati wa kugeuka. Chombo kinachokwenda kwa 350° kikitakiwa kushika 20°, tofauti ni 20 − 350, yaani −330°. Kwenye dira, namba hasi ni kugeukia kushoto. Akiifuata namba hiyo ilivyo, nahodha angezungusha chombo karibu duara zima kushoto. Ikiongezwa 360 inapatikana 30°, kugeuka kidogo tu kulia. Kwa kazi ya namna hii, masafa yanayofaa si 0° hadi 360° bali −180° hadi 180°, kwa sababu humo ndimo anapopatikana mwenza mwenye mzunguko mfupi kuliko wote, na alama yake inasema upande wa kugeukia.

Wastani wa uelekeo una mtego wake. Dira ikisomwa mara mbili na kutoa 350° na 10°, mtu akijumlisha na kugawanya kwa mbili atapata 180°, ambayo ni kusini, ilhali masomo yote mawili yalielekea kaskazini. Dawa yake ni kuiandika 350° kwa jina lake jingine, −10°. Wastani wa −10° na 10° ni 0°, kaskazini kamili. Kabla ya kutafuta wastani, pembe huandikwa upya hadi tofauti kati yake isizidi 180°.

Kompyuta hazikubaliani

Anayepunguza pembe kwa programu ya kompyuta anapaswa kujua kwamba alama ya kutafuta baki haifanyi kazi sawa katika lugha zote. Katika Python, baki ya −750 kwa 360 hutoka chanya:

```
>>> -750 % 360
330
```

Katika C, Java na JavaScript, hesabu hiyohiyo hutoa −30, kwa sababu lugha hizo hukata desimali kuelekea sifuri, kama yule mwanafunzi aliyesimama kwenye −2. Programu iliyojaribiwa kwa pembe chanya peke yake itaonekana nzima, kisha itakwama siku ya kwanza ya kupewa pembe hasi. Mstari ufuatao hutoa jibu lililo kati ya 0 na 360 katika lugha zote hizo:

```
((a % 360) + 360) % 360
```

Baki ya kwanza huleta namba iliyo kati ya −360 na 360, kuongeza 360 huifanya isiwe hasi, na baki ya pili huondoa duara moja ikiwa limezidi. Kwenye jedwali la Excel, fomula `=MOD(-750,360)` hutoa 330 moja kwa moja.

Pale ambapo pembe haipaswi kupunguzwa

Kupunguza pembe kunatunza mahali mkono ulipoishia na kunatupa idadi ya mizunguko. Idadi hiyo ikiwa ndiyo inayotafutwa, kupunguza ni kuharibu hesabu.

Bolti ya M10 ya kawaida, yenye kipenyo cha milimita 10, ina mikato ya ond ambayo kati ya mmoja na unaofuata kuna milimita 1.5. Maana yake ni kwamba nati inayozungushwa duara moja husogea milimita 1.5 juu ya bolti. Fundi anapoizungusha kwa spana 1,200° kuikaza, nati inazunguka duara tatu na theluthi, na inasogea milimita 5. Pembe hiyo ikipunguzwa inakuwa 120°, theluthi ya duara, na hesabu inatoa nusu milimita. Ukitazama pembe za nati kutoka juu, kweli zimekaa kama vile imezungushwa 120° tu, lakini nati iko milimita 4.5 mbali na pale hesabu inapodai. Tofauti hiyo ni duara tatu zilizotupwa, kila moja na milimita 1.5 yake.

Alama nayo ina kazi hapa. Bolti ya kawaida hukazwa kwa kufuata mishale ya saa, kwa hiyo kwa utaratibu wa grafu fundi amezungusha −1,200°. Akizungusha 1,200° kwa upande wa pili, nati inarudi ilipoanzia. Pembe za −1,200° na 1,200° hata hazina kikomo kimoja, kwani tofauti yake ni 2,400°, ambayo haigawanyiki kwa 360. Ya kwanza hupunguzwa kuwa 240° na ya pili 120°.

Hali ni hiyohiyo katika michezo. Tarehe 27 Juni 1999, huko San Francisco, Mmarekani Tony Hawk alizunguka 900° hewani akiwa juu ya ubao wa magurudumu katika mashindano ya X Games, na mtindo huo hujulikana kwa namba hiyo. Kwa mahali alipoelekea alipotua, 900° ni sawa na 180°. Lakini kuzunguka 180° hewani ni jambo la wanaoanza, na hakuna mwamuzi anayezitoa duara mbili kabla ya kutoa alama.

Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya pembe kubwa au hasi si jinsi ya kuipunguza bali kama inafaa kupunguzwa. Swali likihusu mahali, kama vile mkono wa grafu, sini, kosini au uelekeo wa dira, 360 huongezwa au hutolewa hadi pembe iingie katika masafa yanayotakiwa. Likihusu kiasi cha kuzunguka, kama umbali wa nati, muda uliopita au mizunguko ya mchezaji, pembe huachwa ilivyo, pamoja na alama yake.